Dozi kutoka kwenye simu ya mfamasia: sikio na kalamu, kichujio, au modeli ya lugha?

Hii ni simu fupi ya mfano, nimeitunga kwa namna mazungumzo ya duka la dawa yanavyokwenda. Mama mtu mzima amepimwa, ana malaria, na mfamasia anamweleza dawa kwa simu. Mwanawe aliomba ruhusa ya kurekodi ili baadaye aandike karatasi ya kubandika ukutani.

— Mama, hiyo ni mseto, zile za ishirini kwa mia na ishirini. Nne unameza sasa hivi ukishakula, halafu nne nyingine baada ya masaa nane.
— Masaa nane.
— Eeh. Kesho na keshokutwa ni nne asubuhi, nne jioni. Na Panadol, mbili mara tatu, kama homa ipo lakini.
— Na ya presha, daktari?
— Ya presha endelea nayo. Amlodipini ya kumi, samahani, ya tano. Moja tu, saa mbili usiku.
— Haya, asante mwanangu.

Haifiki dakika moja, na inaonekana rahisi. Lakini ndani yake kuna namba iliyotajwa kisha ikafutwa, kuna masaa nane ambayo si saa nane, kuna dawa isiyo na idadi ya siku, na kuna dawa ya kumeza kwa sharti. Njia tatu za kutoa dozi kwenye rekodi kama hii nitazipima kwa simu hii moja. Ya kwanza ni mtu kusikiliza na kuandika. Ya pili ni kompyuta kugeuza sauti kuwa maandishi, kisha kichujio cha kawaida kikaokota kila namba. Ya tatu ni modeli ya lugha, yaani akili bandia kama ChatGPT, kusoma maandishi hayo na kujaza jedwali. Kipimo changu ni kimoja tu: je, namba iliyotoka mdomoni mwa mfamasia ndiyo iliyofika kwenye karatasi?

Sikio na kalamu

Mtu ana faida ambayo mashine hazina kwa urahisi. Anasikia kusita. Anaposikia “ya kumi, samahani, ya tano” anaelewa papo hapo kwamba kumi imekufa. Anajua pia kwamba mama aliporudia “masaa nane” na mfamasia akajibu “eeh”, namba hiyo imethibitishwa na watu wawili, kwa hiyo ina uzito kuliko nyingine zote kwenye simu.

Shida ya sikio ni kwamba linasikia linachokitegemea. Anayeijua mseto anajua kwamba mtu mzima humeza vidonge vinne mara mbili kwa siku tatu, basi anaandika “4x2 siku 3” na kuendelea. Jumla ni sawa, vidonge 24, kama ilivyo pakiti ya mtu mzima. Ila “baada ya masaa nane” imepotea. Mama akianza dawa saa kumi jioni, dozi ya pili ni saa sita usiku, lakini karatasi ya “4x2” itamwambia asubiri asubuhi. Namba zote ziko sahihi na bado maagizo yamebadilika.

Halafu kuna simu yenyewe. Laini ya kawaida hupitisha sehemu ya kati tu ya sauti ya binadamu, takriban kati ya hezi 300 na 3,400, na herufi kama s na f hufifia. Kiswahili nacho kina mtego wake. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika “tatu” na “tano” sauti yenye nguvu ni ileile “ta”, na kinachotofautisha 3 na 5 ni silabi ya mwisho inayomezwa. “Nne” na “nane” zinakaribiana, na zikiunganishwa katika “kumi na nne” na “kumi na nane” zinakaribiana zaidi. “Sitini” na “tisini” zina sauti zilezile zilizobadilishana nafasi. “Thelathini” na “themanini” zinaanza na kuisha sawa. Mfamasia akichanganya Kiingereza, kama wengi wanavyofanya kwenye miligramu, ongeza kumi na tano na hamsini za Kiingereza, ambazo zimewasumbua hata wenye lugha yao.

Njia hii inafanya kazi vizuri ukiwa na adabu mbili. Sikiliza mara ya kwanza bila kuandika chochote, ili ujue simu inaelekea wapi. Mara ya pili tumia spika za masikioni, simamisha kwenye kila namba, na uiandike kwa maneno yaleyale yaliyosemwa: “nne”, “mbili mara tatu”, “saa mbili usiku”. Tarakimu ziingie mwishoni. Anayeandika tarakimu akiwa bado anasikiliza anafanya kazi mbili kwa pamoja, kusikia na kutafsiri, na kosa likitokea hatajua lilitokea kwenye kazi ipi.

Kama mko wawili nyumbani, kila mmoja aandike peke yake kisha mlinganishe. Mkikaa pamoja, wa pili atasikia alichoandika wa kwanza.

Nakala ya kompyuta na kichujio

Hapa sauti inageuzwa kwanza kuwa maandishi. Programu ninayoizungumzia ni Whisper, iliyotolewa bure mwaka 2022. Inaweza kukaa kwenye kompyuta yako bila rekodi kwenda popote, na hilo si dogo, kwa sababu taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Amri yenyewe:

```
whisper simu.wav --model large-v3 --language sw --word_timestamps True --condition_on_previous_text False
```

Usiache `--language sw`. Ukiiacha, programu hukisia lugha kutokana na sekunde 30 za mwanzo, na simu ikianza na salamu za Kiingereza au muziki wa kusubiri, nakala yote inaweza kuharibika. Sehemu ya mwisho ya amri inaizuia isiburute kosa la sentensi moja hadi inayofuata. Hata hivyo, kwenye ukimya mrefu programu hii inajulikana kwa kuandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Kata ukimya kabla ya kuanza.

Kuna kishawishi kingine. Programu inakuruhusu kuipa orodha ya maneno ya kutegemea, na watu huweka majina ya dawa humo ili yaandikwe vizuri. Inasaidia kweli. Lakini ukiweka “metformini” na “metronidazoli” kwenye orodha, sauti yenye mikwaruzo inaweza kuvutwa kuelekea mojawapo, na moja ni ya kisukari, nyingine ni ya maambukizi, na zote mbili zinapatikana kwa vidonge vya miligramu 500. Namba haitakuonya. Mimi orodha hiyo siitumii kwenye kazi ya dozi: bora jina lililoandikwa vibaya hadi likakufanya usikilize tena kuliko jina zuri lisilo lake.

Nakala ikishapatikana, kichujio kinaokota namba. Wanaoanza huandika orodha ya moja, mbili, tatu na kuendelea, kisha wanashangaa nusu ya dozi haionekani. Namba za Kiswahili zinafuata ngeli. Vidonge ni viwili, masaa ni mawili, kijiko ni kimoja. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, lakini moja hadi tano na nane hubadilika, na hizo ndizo namba za vidonge. Kichujio kinachozingatia hilo ni hiki:

```
grep -noiE '\b([0-9]+([.,\/][0-9]+)?|(ki|vi|ma|m)?(moja|wili|tatu|nne|tano|nane)|mbili|sita|saba|tisa|kumi|ishirini|thelathini|arobaini|hamsini|sitini|sabini|themanini|tisini|mia|nusu|robo)\b' simu.txt
```

Kwa simu yetu, nakala ikitoka vizuri, kinatoa hivi kwa mpangilio: ishirini, mia, ishirini, nne, nne, nane, nane, nne, nne, mbili, tatu, kumi, tano, moja, mbili. Ni vitu 15. Hakijui kwamba mia na ishirini ni kitu kimoja, hakijui kumi imefutwa, wala hakijui kwamba nane imetokea mara mbili kwa sababu mama aliirudia. Hakijui lolote.

Na hapo ndipo thamani yake ilipo. Kitu kisichoelewa hakiwezi kupamba. Hakitupi namba kwa sababu inaonekana haifai, na hakiongezi ambayo haikusemwa. Kama njia ya kupata karatasi ya ukutani ni duni, kwa sababu bado unapaswa kukaa na kuunganisha kila namba na dawa yake. Kama mkaguzi wa njia nyingine sijaona bora, na nitakirudia.

Udhaifu wake mkubwa uko nyuma yake, kwenye nakala. Whisper yenyewe huamua mara iandike “nne”, mara “4”. “Ishirini kwa mia na ishirini” inaweza kutoka kama 20 kwa 120, au 20 kwa 100 na 20. Maneno ya namba yakigeuzwa kuwa tarakimu kabla hujayaona, ushahidi wa kilichosemwa umebaki kwenye sauti peke yake. Ndiyo maana muda wa kila neno unahitajika: unaruka moja kwa moja hadi sekunde hiyo na kusikiliza.

Modeli ya lugha inayojaza jedwali

Hii ndiyo njia inayopendeza macho. Unaipa nakala, unaomba jedwali, na dawa tatu zinatoka zimepangwa. Inaelewa kwamba “ya presha” na amlodipini ni kitu kimoja. Inaelewa “samahani” pia, mara nyingi.

Lakini inaelewa kupita kiasi. Panadol “mbili mara tatu” inaweza kuandikwa miligramu 1,000 mara tatu. Hesabu ni sahihi iwapo vidonge ni vya 500, ila mfamasia hakutaja miligramu. Inaweza kuongeza “siku 3” kwenye Panadol kwa kuazima kutoka kwenye mseto, au kudondosha “kama homa ipo”, na dawa ya kumeza kwa haja ikawa ya lazima. Dozi isiyo ya kawaida iko hatarini zaidi, kwa sababu modeli huvutwa na kile kilichozoeleka kwenye maandishi iliyofunzwa nayo. Mfamasia akisema nusu kidonge kwa sababu ya umri wa mgonjwa, hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Saa ndizo zinazoniudhi kuliko vyote. “Saa mbili usiku” ni 20:00. Modeli iliyosoma Kiingereza kingi inaweza kuandika 2:00, au ikageuza sawasawa kuwa 20:00 kwenye mstari mmoja na kukosea kwenye mwingine. “Saa moja kabla ya kula” ni muda wa saa nzima kabla ya chakula, au ni saa moja asubuhi, mgonjwa akiwa hajala. Ni kituo tu cha sauti kinachotofautisha, na kwenye maandishi kituo hicho huenda hakipo. “Kila saa nane” ni kila baada ya masaa nane, lakini mtu anayesikia haraka anaweza kuielewa kuwa saa nane mchana kila siku. Hata geuzo sahihi ni geuzo. Safuwima ya saa ibaki na maneno ya mfamasia. Kama unahitaji 20:00 kwa ajili ya kengele ya simu, tengeneza safuwima ya pili, andika juu yake “geuzo langu”, na ulifanye mwenyewe.

Dawa ya maradhi haya ni kuinyima modeli uhuru wa kuandika. Kila kisanduku kiwe kipande kilichokatwa kutoka kwenye nakala, herufi kwa herufi, na kila safu iwe na nukuu ilikotoka. Kisichosemwa kiachwe wazi. Kisha mashine nyingine, isiyojua dawa wala Kiswahili, ithibitishe:

```python
for r in safu:
    if r["nukuu"] not in nakala:
        print("nukuu haipo:", r["dawa"])
    for k in ("nguvu", "dozi", "muda"):
        if r[k] not in r["nukuu"]:
            print("si maneno ya simu:", k, r[k])
```

Hapa 20:00 inakamatwa, 1,000 inakamatwa, “siku 3” inakamatwa. Mseto inabidi iwe na safu tatu badala ya moja: nne “sasa hivi”, nne “baada ya masaa nane”, na safu ya kesho na keshokutwa. Jedwali si zuri kama lile la kwanza, lakini yale masaa nane yamebaki.

Sasa angalia kisichokamatwa. Modeli ikichagua “ya kumi” kwa amlodipini, ukaguzi unapita bila kelele, kwa kuwa “ya kumi” imo kwenye nukuu. Ukaguzi wa maneno unazuia namba ngeni. Hauzuii namba ya humo humo iliyochaguliwa vibaya. Na kama Whisper ilisikia “tatu” mahali pa “tano”, kila kitu kinapita, kwa sababu jedwali linafanana na nakala na nakala ndiyo yenye kosa.

Hapo kichujio kinarudi. Chukua zile namba 15 na uzifute moja moja kwenye orodha kadiri unavyoziona kwenye jedwali. Inayobaki lazima iwe na sababu iliyoandikwa: nane ya pili kwa sababu mama amerudia, kumi kwa sababu mfamasia amejisahihisha. Sababu hizo unaziandika baada ya kusikiliza sekunde husika, si baada ya kusoma. Kama “kumi” ndiyo iliyo kwenye jedwali, itakayobaki kwenye orodha ni “tano”, na utalazimika kwenda kuisikiliza, na utaisikia ile “samahani”.

Kwa simu ileile, kila njia inavyopotoka

| | Sikio na kalamu | Nakala na kichujio | Modeli ya lugha |
|---|---|---|---|
| Masaa nane ya mseto | Humezwa na “4x2” | Hubaki, bila kuunganishwa na dawa | Hubaki ukitenga safu |
| Sharti la homa | Hubaki ukiandika maneno | Hakuna | Huweza kudondoka |
| Ya kumi au ya tano | Huamuliwa vizuri | Zote mbili hubaki | Huchaguliwa, na ukaguzi wa maneno hauoni kosa |
| Saa mbili usiku | Hubaki ukiandika maneno | Hubaki kama “mbili” | Hugeuzwa usipoizuia |
| Tatu iliyosikika tano | Huweza kutokea | Hutokana na nakala | Hutokana na nakala |

Nichague ipi?

Kwa simu moja ya mzazi wako, chukua sikio na kalamu. Kusakinisha programu kwa ajili ya rekodi isiyofika dakika moja ni kazi kubwa kuliko kazi yenyewe, na kosa kuu la sikio, kusikia unachokitegemea, linapunguzwa sana na kuandika kwa maneno na kumwita mtu wa pili. Ukimaliza, chukua pakiti zenyewe. Mfamasia huandika dozi juu ya pakiti, kwa hiyo zilinganishe na karatasi yako. Karatasi na pakiti zikitofautiana, usiamue mwenyewe, mpigie mfamasia.

Kwa mwenye simu nyingi, tuseme duka linalowapigia wagonjwa wa kisukari na presha kila wiki, modeli ya lugha inastahili nafasi, lakini ikiwa imefungwa kwa ukaguzi wa nukuu, na kila namba ikisikilizwa na mtu kwenye sekunde yake. Mtu hapaswi kusikiliza simu nzima tena. Anasikiliza vile vipande 15 vifupi. Kinachookolewa ni muda wa kupanga, si muda wa kuthibitisha. Anayekuambia vyote viwili vimeokolewa, mwulize nani alisikia tofauti ya nne na nane.

Kichujio peke yake nisingempa mtu, ila nisingeiacha modeli ifanye kazi bila kichujio.

Katika njia zote tatu kuna kisanduku kitakachobaki hakieleweki. Kiandike “haisikiki” na dakika yake, hata kama una uhakika wa asilimia 90 kuwa ni tano. Jihadhari hasa na “mili tano”, kwa kuwa miligramu na mililita zote hukatwa kuwa mili, na kwenye dawa ya maji ya mtoto hizo ni dozi mbili tofauti kabisa. Kisha mpigie mfamasia na uulize swali lisilo na namba ndani yake: “Dokta, ile ya presha uliniambia nimeze ya ngapi?” Ukiuliza “ni ya tano, sivyo?”, mtu mwenye foleni mbele yake atajibu “ndiyo”, na hutajua kama amejibu au amekubali tu.